Shajara ya mradi: posti tatu kuhusu chandarua cha dawa mbili

Jumatatu, wiki ya kwanza

Nimeanza leo. Nataka kuchukua matokeo ya utafiti mmoja niyageuze kuwa posti tatu za Kiswahili, kila moja isizidi maneno 150, mtu aweze kuisoma kwenye simu akiwa ndani ya daladala kutoka Kiborloni hadi stendi ya Moshi mjini bila kurudia sentensi.

Utafiti wenyewe ni ule wa vyandarua uliofanyika wilaya ya Misungwi, mkoa wa Mwanza, ukachapishwa kwenye jarida la Lancet mwezi Machi 2022. Nimeuchagua kwa sababu chuo cha tiba cha KCMC, hapa hapa Moshi, kilikuwa miongoni mwa taasisi zilizoufanya, pamoja na taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba na vyuo vya Uingereza na Kanada. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo jipya kuhusu vyandarua likiegemea utafiti huu na mwingine wa Benini. Jambo limefanyiwa kazi na watu wa kwetu, limebadilisha mwongozo wa dunia nzima, na nikiuliza mtaani Soweto ninapoishi sipati mtu aliyewahi kulisikia. Hilo linaniuma, na ndilo lililonikalisha mezani.

Kwa kifupi: wilaya iligawanywa katika maeneo 84, yakapigiwa kura kuingia makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa chandarua cha kawaida, chenye dawa moja ya jamii ya pareto. Makundi mengine matatu yalipewa vyandarua vya kisasa zaidi, kila kundi aina yake. Vyandarua viligawiwa Januari 2019. Baada ya miaka miwili, watoto wa miezi sita hadi miaka 14 walipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, kile cha tone la damu la kidoleni.

Jumanne

Rasimu ya kwanza ya posti ya kwanza. Niliandika hivi:

"Chandarua kipya chenye dawa mbili kinapunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 55."

Ni sentensi fupi na ina namba kubwa, na chanzo chake nilikiona kwa macho yangu: kwenye muhtasari wa utafiti, mbele ya chandarua chenye klofenapiri, ndiyo ile dawa ya pili, imeandikwa 0.45. Moja toa 0.45 ni 0.55. Nikaona nimemaliza.

Jioni nikampelekea dada yangu, anayeuza ndizi na viazi sokoni. Sikumwuliza kama ameelewa, maana mtu akiulizwa hivyo hujibu ndiyo. Nilimwomba anisimulie kwa maneno yake, kana kwamba anamweleza jirani wa kibanda cha pili. Akasema: "Wanasema ukiwa na chandarua hiki, watoto 55 katika 100 hawapati malaria. Hao 45 ndio wanapata."

Sentensi yangu kweli inaruhusu mtu aelewe hivyo, ila utafiti hausemi hivyo hata kidogo.

Jumatano

Nimerudi kwenye ile 0.45 na leo nimeshinda nayo.

Watafiti hawakulinganisha asilimia kwa asilimia. Walilinganisha kitu kinachoitwa odi. Odi ni kuchukua wenye malaria ukawagawanya kwa wasio nayo, tofauti na asilimia ambayo hugawanya wenye malaria kwa watoto wote. Mtu anayebashiri mpira anaijua hesabu hii bila kuijua kwa jina: dau la mbili kwa moja ni odi.

Nimechukua namba zenyewe za utafiti na kuzifanyia hesabu kwenye daftari. Kwenye chandarua cha kawaida, asilimia 45.8 ya watoto walikutwa na vijidudu. Kwenye chandarua chenye klofenapiri, asilimia 25.6. Nikazifanya 46 na 26 ili zihesabike kwa vidole:

```
kawaida:    46 / 54 = 0.85
klofenapiri: 26 / 74 = 0.35
0.35 / 0.85 = 0.41
```

Jibu ni 0.41, jirani kabisa na 0.45. Tofauti iliyobaki inatokana na watafiti kurekebisha hesabu ili kuzingatia kwamba maeneo hayakufanana. Kwa hiyo ile asilimia 55 ni punguzo la odi. Ukilinganisha asilimia kwa asilimia, kutoka 45.8 hadi 25.6, umepunguza 20.2 kati ya 45.8, yaani kama asilimia 44. Na ukihesabu watoto wenyewe, umepunguza watoto 20 katika kila 100.

Namba hizo tatu, 55, 44 na 20, zote ni za kweli na zote zimetoka kwenye matokeo yale yale. Ugonjwa ukiwa nadra sana, odi na asilimia hukaribiana, na mtu akizichanganya hadhuriki. Lakini hapa karibu nusu ya watoto walikuwa na vijidudu, na kwenye hali ya namna hiyo odi huonyesha tofauti kubwa kuliko ile mtu anayoifikiria anaposikia neno "imepungua". Nikiandika 55 msomaji ataamini jambo ambalo halikutokea Misungwi.

Nimeamua kutumia watoto kwa idadi: 46 kati ya 100, na 26 kati ya 100. Namba zenye asilimia zitabaki kwenye daftari langu. Msomaji akiona 46 na 26 atatoa mwenyewe, na hesabu mtu aliyoifanya mwenyewe haimpotezi.

Alhamisi

Nilikwenda sokoni na mfuko wa maharage. Dada alitandaza kanga juu ya meza ya ndizi, tukahesabu punje mia za soya njano, kisha tukabadilisha 46 tukaweka nyekundu. Tukaziangalia. Halafu nikamwambia atoe nyekundu 20 arudishe njano 20. Alifanya taratibu, mbilimbili, mama wawili wa vibanda vya jirani wakasogea kutazama. Alipomaliza zilibaki nyekundu 26 katikati ya njano, na akasema maneno ambayo nimeyanakili kama yalivyo: "Kumbe bado wapo wengi. Lakini hawa ishirini ni darasa zima la chekechea."

Hiyo ndiyo sura niliyokuwa naitafuta. Chandarua kimefanya kazi kubwa, na malaria bado ipo, na mtu anayaona yote mawili kwa mkupuo mmoja. Mchoro wa posti ya kwanza utakuwa huo: duara mia, 46 nyekundu, na pembeni yake duara mia, 26 nyekundu.

Mama mmoja kati ya wale waliosogea akauliza: "Na hawa arobaini na sita ni wale wasiokuwa na neti?" Swali lake limeniokoa. Hapana. Makundi yote manne yalipewa vyandarua vyenye dawa, na lile la 46 lilikuwa na chandarua cha kawaida. Utafiti ulilinganisha neti na neti. Haukulinganisha neti na kutokuwa na neti. Kama msomaji hajui hilo, ataondoka na mojawapo ya makosa mawili. Ama ataamini kwamba bila neti wanaugua 46 tu, ama ataamini kwamba neti yake ya zamani haina maana akaishusha akafugie vifaranga. Kosa la pili ndilo ninaloliogopa, kwa sababu mtoto atalala wazi usiku huo huo.

Kwa hiyo sentensi inayosema pande zote zilipewa vyandarua lazima iwe ndani ya posti ya kwanza, na iwe kabla ya namba.

Ijumaa

Jioni fupi. Nimeandika upya posti ya kwanza. Ilivyo sasa:

"Misungwi, Mwanza. Januari 2019 kaya zilipewa vyandarua vyenye dawa, na kura ndiyo iliyoamua eneo gani lipate aina gani. Kila eneo lilipewa. Kwingine kilikuwa kile cha kawaida, chenye dawa moja. Kwingine kilikuwa na dawa mbili, ya pili ikiitwa klofenapiri. Miaka miwili baadaye watoto walipimwa damu. Kwenye chandarua cha kawaida, watoto 46 kati ya 100 walikutwa na vijidudu vya malaria. Kwenye chandarua cha dawa mbili, 26 kati ya 100. Hao ni watoto 20 pungufu katika kila 100. Chandarua chako cha sasa usikitupe: endelea kulala ndani yake mpaka upate kingine."

Nimeihesabu, haifiki maneno 100. Nafasi iliyobaki nimeiacha wazi kwa makusudi.

Jumatatu, wiki ya pili

Leo nimepambana na zile aina nyingine mbili. Vyandarua vipya vilikuwa vitatu na mimi nimesimulia kimoja tu. Je, ni haki?

Kimoja kina dawa inayomfanya mbu jike asizae, inaitwa pairiproksifeni. Kule watoto waliokutwa na vijidudu baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 37.5. Kingine kina kiambato kinachoitwa PBO, ambacho huzima silaha ya mbu ya kuvunjavunja dawa. Kule ilikuwa asilimia 40.7. Mtu yeyote akiona 37.5 mbele ya 45.8 atasema hicho nacho kimesaidia. Watafiti hawakusema hivyo, na nimetafuta namna ya kueleza kwa nini.

Sababu ni kwamba kilichopigiwa kura ni maeneo, 21 kwa kila kundi. Maeneo hayafanani: moja lina dimbwi, jingine liko mlimani, jingine nyumba zake zina dari. Hata ungewapa maeneo yote chandarua kimoja, ukiyagawanya mafungu mawili kwa kura fungu moja litatoka na malaria kidogo kuliko jingine, kwa bahati tu. Kwa hiyo watafiti huuliza: tofauti hii ni kubwa kuliko ile ambayo bahati peke yake ingeweza kuileta? Kwa pairiproksifeni walipata 0.79, na wakaweka mipaka: ukweli unaweza kuwa popote kati ya 0.54 na 1.17. Moja maana yake ni hakuna tofauti, na moja imo ndani ya mipaka hiyo. Kwa klofenapiri mipaka ni 0.30 hadi 0.67. Moja iko nje, tena mbali.

Rasimu yangu ya asubuhi ilisema "vyandarua vingine viwili havikufanya kazi." Nimeifuta. Kukosa uthibitisho kwamba kitu kinazidi kingine si uthibitisho kwamba kinalingana nacho, na hasa kwa PBO ningekuwa nimesema uongo: utafiti mwingine uliofanyika Muleba, mkoa wa Kagera, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha wazi kwamba chandarua cha PBO kinapunguza malaria kuliko cha kawaida. Hata Misungwi kwenyewe kilianza vizuri mwaka wa kwanza, nguvu ikaisha baadaye. Mtu wa Muleba mwenye chandarua cha PBO akisoma posti yangu kwamba "hakifanyi kazi", nimemdhuru.

Sentensi niliyofikia ni hii: "Aina nyingine mbili mpya zilijaribiwa pia. Baada ya miaka miwili, tofauti yake na chandarua cha kawaida haikuwa kubwa vya kutosha kuwa na uhakika." Nimeipeleka kwenye posti ya tatu. Kwenye ya kwanza ingemchosha msomaji kabla hajapata sababu ya kujali.

Jumanne

Posti ya pili inajibu swali la kwa nini, na nilidhani itakuwa nyepesi.

Nilikwenda Mabogini kwa shemeji yangu anayelima mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji. Huko mbu wapo mwaka mzima, tofauti na kwa mama yangu Kibosho ambako baridi imewapunguza. Nilimsomea rasimu ya pili, iliyoanza na vimeng'enya na mitokondria. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo jingine kabisa: "Shemeji, mimi neti nikiipata naijaribu. Mbu akitua asipoanguka najua dawa imeisha. Hiyo yenu mbu anaanguka?"

Nikamjibu kwamba hapana, haanguki papo hapo, na nikaona usoni mwake kwamba nimempoteza.

Hapo ndipo nilipoipata posti ya pili. Mtihani wa shemeji si ujinga. Dawa za jamii ya pareto hushambulia mishipa ya fahamu ya mbu, na mbu asiye sugu huanguka chini baada ya muda mfupi akitetemeka miguu juu. Kwa miaka mingi watu wameona hivyo kwa macho yao, wakajifunza kipimo cha kweli. Klofenapiri haigusi mishipa ya fahamu. Inaingia mwilini mwa mbu ikiwa bado haina makali, kisha vimeng'enya vya mbu mwenyewe, vile vile anavyotumia kuvunjavunja dawa ya zamani, ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu. Ikishageuka, inavuruga mahali seli zinapotengenezea nguvu. Mbu anaondoka kwenye neti akiruka, kisha nguvu zinamwishia. Ndiyo maana maabara zinazopima dawa hii huhesabu mbu waliokufa hadi saa 72 baada ya kuigusa, wakati dawa za zamani huhesabiwa baada ya saa 24.

Kwa maneno mengine, mtu akitumia mtihani wa shemeji atakikataa chandarua bora na kukisifu kile ambacho mbu wa Misungwi wamekizoea. Nimeandika kichwa cha posti ya pili papo hapo, tukiwa bado kwenye kigoda nje ya nyumba: "Mbu haanguki, lakini hafiki mbali."

Jumatano

Kichwa cha jana nimekibadilisha. "Hafiki mbali" kinaahidi kila mbu, na si kila mbu hufa. Sasa ni: "Kwa nini mbu haanguki papo hapo?" Hakina mvuto ule, ila ni swali ambalo mtu wa Mabogini aliuliza kwa kinywa chake.

Posti ya pili:

"Mbu wengi wamekuwa sugu kwa dawa ya kawaida ya chandarua. Mwilini wanayo silaha inayoivunjavunja kabla haijawadhuru. Klofenapiri inaitumia silaha hiyo hiyo: mbu anapoivunja, ndipo inapogeuka sumu. Haimwangushi papo hapo kama dawa ya zamani. Inammalizia nguvu polepole, na kifo kinaweza kuja hata siku tatu baadaye, mbali na kitanda. Kwa hiyo ukiona mbu ametua akaondoka, hiyo si dalili kwamba dawa imeisha. Kwenye chandarua hiki dawa ya zamani nayo ipo, zote mbili pamoja."

Nilitaka kuongeza mfano wa mwizi na kufuli. Nikauacha. Kila mfano wa mwizi ulimfanya dada aniulize kuhusu mwizi.

Alhamisi

Binamu yangu anafanya kazi maabara. Nimempa posti zote mbili na rasimu ya tatu. Amenirudishia na masahihisho mawili.

La kwanza: kwenye mchoro nilikuwa nimeandika "watoto wagonjwa." Akanikumbusha kwamba kipimo cha haraka huonyesha maambukizi, na mtoto wa kanda ya ziwa anaweza kuwa na vijidudu akacheza mpira jioni bila homa. Utafiti ulipima ugonjwa pia, lakini kwa njia nyingine: watoto wa miezi sita hadi miaka 10 walifuatiliwa kwa miaka miwili wakihesabiwa kila walipougua malaria. Huko, kwenye chandarua cha klofenapiri, visa vilikuwa pungufu kwa asilimia 44 kuliko kwenye cha kawaida. Nimegundua kwamba hii 44 inafanana kwa bahati na ile 44 yangu ya daftarini, na kwa siku mbili nilikuwa naziona kama namba moja. Ni vitu viwili: moja inahesabu nani ana vijidudu siku ya kupimwa, nyingine inahesabu mara ngapi watoto waliugua. Kwenye mchoro sasa imeandikwa "waliokutwa na vijidudu vya malaria."

La pili lilihusu mahali. "Ukisema vyandarua hivi vinapunguza malaria, mtu wa Moshi ataelewa hapa Moshi," alisema. Kweli. Misungwi malaria ni nyingi na mbu anayetawala kule ni funestasi, anayependa kuuma watu ndani ya nyumba usiku wa manane, na ni sugu sana kwa dawa ya kawaida. Kwetu Kilimanjaro maambukizi ni machache mno, na kwenye mashamba ya mpunga ya chini ya mji anayetawala ni mbu mwingine, arabiensi, ambaye huuma pia nje na huuma ng'ombe. Ambako tangu mwanzo wanaokutwa na vijidudu hawafiki mtoto mmoja kati ya 100, hakuna watoto 20 wa kupunguza. Chandarua kinaweza kuwa kizuri vile vile na bado ile picha ya maharage isitokee.

Hilo limebadilisha posti ya tatu yote. Ilikuwa ya kuhamasisha. Sasa inajibu swali moja: linakuhusu vipi wewe uliyeko hapa?

Ijumaa

Posti ya tatu imenichukua siku nzima na nimeifuta mara nne. Ilivyobaki inasema mambo matatu kwa utulivu. Kwamba 46 na 26 ni za Misungwi, na Moshi malaria ni kidogo, kwa hiyo usizihamishe namba zile. Kwamba ukisafiri kwenda Mwanza, Geita au Kagera kumsalimia ndugu, watoto wa hapa hawajazoea malaria na wanaweza kuumwa vibaya, basi lala ndani ya chandarua chochote chenye dawa kilichopo. Na kwamba chandarua cha aina yoyote hakisaidii kikiwa kimekunjwa kabatini: hata kwenye utafiti, miaka miwili ilipofika, watu wengi walikuwa wameshaacha kutumia vyandarua walivyogawiwa. Ile 26 ilipatikana pamoja na hao walioacha.

Kuna pia kipande kidogo cha utunzaji: kipya kianike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia, kioshe kwa sabuni ya kawaida bila kukisugua kwa nguvu, na usikianike juani, kwa sababu jua huiharibu dawa. Halafu namna ya kutambua: lebo iliyoshonwa ukingoni hutaja dawa zote. Neno la kutafuta, kama unataka kuliandika kwenye simu ulinganishe, ni `chlorfenapyr`.

Nilitaka kuwaambia watu wapi wakakinunue. Sikuandika. Vyandarua vingi hapa nchini huja kupitia kliniki ya wajawazito, chanjo ya surua na shule, na anayeamua aina ipi iende wilaya ipi ni mpango wa taifa. Mama wa Soweto hana uchaguzi huo. Kumwambia achague kitu asichoweza kukichagua ni kumwachia wasiwasi bure.

Jumapili

Kesho natuma ya kwanza. Leo nimefanya jaribio moja la mwisho: nimezituma posti tatu kwa watu watatu tofauti, kila mmoja moja tu, kama ambavyo zitasambaa zenyewe. Watu hawapelekeani mfululizo mzima. Wanapelekeana ile iliyowagusa, na mara nyingi wanapeleka picha peke yake bila maneno.

Aliyepata mchoro peke yake alidhani ni wa Moshi.

Nimeurudia mchoro usiku huu. Ndani ya picha yenyewe, si chini yake, sasa imeandikwa: "Misungwi, Mwanza. Miaka miwili baada ya vyandarua kugawiwa mwaka 2019. Kila upande ulipewa chandarua." Maandishi hayo yamepunguza nafasi ya duara zikawa ndogo. Bado zinahesabika.

Jumatano, wiki ya tatu

Zote tatu zimetoka, Jumatatu, Jumanne na leo asubuhi. Katika maswali yaliyorudi, linalonirudia kichwani ni la mama mmoja wa Geita: neti yake ina lebo iliyofutika kwa kufuliwa, herufi mbili tu zinasomeka, atajuaje ni ipi? Nilimjibu kwamba kwa macho hatajua, na kwamba kwa usiku wa leo jibu ni lile lile: aitumie, azibe matundu kwa sindano na uzi. Kisha nikarudi kwenye posti ya tatu nikaongeza mstari: piga picha ya lebo siku unapopewa chandarua, kabla ya kukifua mara ya kwanza.

Shemeji wa Mabogini naye alipiga simu. Ameisoma ya pili kwa sauti mbele ya vijana waliokuja kupalilia, mmoja wao akataka kujua kama mbu anaweza kuizoea na hii pia. Anaweza. Swali hilo halimo kwenye posti yoyote kati ya tatu, na nimeanza kuliandikia ya nne.